Sifuri zimemezwa: nyota moja, au labda tatu

Nimehama nyumba mara nne hapa Kisumu na sijawahi kupoteza hata kijiko. Paswadi nimezihamisha mara moja tu, nikapoteza sifuri. Nawapa nyota moja, na hiyo ni kwa vile hapa haturuhusiwi kuweka sifuri.

Programu yangu ya zamani ya kutunza paswadi ilipandisha bei, nikaamua kuhamia nyingine. Nikaambiwa ni kazi ya dakika tano: unatoa faili la CSV upande huu, unaliingiza upande ule, kisha unalifuta. Nikalitoa. Lilikuwa na akaunti 163, nyingine za tangu nikiwa chuoni, kwa hiyo nikalifungua kwenye programu ya jedwali, ile tunayojazia alama za wanafunzi. Nikaondoa mistari kama ishirini, nikahifadhi. Programu mpya ikalimeza, ikaniandikia kwa kijani kibichi kwamba zote zimeingia salama.

Jioni hiyo niko Kondele, nataka kuingia kwenye akaunti ya sacco. Imekataa. Mara ya tatu ikajifunga kabisa. Nikajaribu ya maji, nayo ikakataa. Barua pepe ikafunguka bila shida, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: huenda nimesahau paswadi zangu. Nimesahau! Mimi ninayewalipa wanikumbushie!

Mwishowe nililifungua lile faili kwa Notepad, ambayo huonyesha maandishi jinsi yalivyo. Ona mstari wa mfano, kwanza ulivyotoka kwenye programu ya zamani, kisha nilivyouhifadhi mimi:

```
Sacco,0700000000,0417
Sacco,700000000,417
```

Programu ya jedwali ikiona tarakimu tupu hudhani ni hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Pale nilipokuwa nimeandika nambari ya simu kwa kuanza na 254, iliigeuza kuwa kitu kama `2.547E+11`, na tarakimu za mwisho zikapotea kabisa. Kulifungua faili peke yake hakuharibu kitu. Uharibifu uliingia nilipobonyeza kuhifadhi. Barua pepe ilinusurika kwa sababu ina herufi.

Kwa hiyo, haya, kosa la kwanza lilikuwa langu. Nyota mbili. Lakini ile programu ilishindwaje kunionyesha hata mistari mitano kabla ya kunipigia makofi?

Kilichoniokoa ni kwamba sikuwa nimeifunga akaunti ya zamani. Nilitoa faili upya, nikaisafisha kwanza ile programu mpya ili nisipate kila kitu mara mbili, nikaliingiza faili bila kuligusa. Akaunti zile kuukuu nikazifutia humo humo ndani. Kisha nikalinganisha akaunti tatu zinazoanza na sifuri, moja moja. Picha za vyeti nilizokuwa nimeambatisha hazikuja, kwa maana CSV hubeba maandishi tu, na hizo nikazihamisha kwa mkono.

Sasa kufuta. Nilifuta yale mafaili mawili, nikamwaga na pipa la taka, nikalala usingizi. Siku chache baadaye natafuta picha ya harusi kwenye simu, nakutana na mafaili yale yale! Folda yangu ya vipakuliwa hujinakili yenyewe kwenye wingu, na wingu lilikuwa limeyanakili yote mawili kabla sijayafuta kwenye laptopu. Kuyafuta huko nako hayakuondoka, yalihamia pipa la wingu, nikalazimika kulimwaga hilo nalo.

Nikampelekea laptopu fundi mmoja wa Oginga Odinga Street, nikamwambia apitishe ile programu ya kuandika juu ya faili mara saba. Akacheka.

"Mwalimu, hii ni SSD. Ukiandika juu, yenyewe inaandika mahali pengine ili isichoke sehemu moja. Maneno ya zamani yanaweza kubaki. Hiyo ilikuwa dawa ya diski za kuzunguka."

Aliniuliza kama nilikuwa nimewasha usimbaji wa diski nzima kabla ya kutoa faili. La. Ungekuwa umewashwa, mtu akiichomoa diski hiyo bila ufunguo angeona takataka tupu. Aliuwasha siku hiyo, ingawa aliniambia wazi kwamba hauna hakika ya kufikia mabaki ya nyuma. Nilichobakiwa nacho ni kubadilisha paswadi zenyewe, ili hata faili likipatikana liwe limepitwa na wakati. Nilianza na barua pepe, kwani kupitia hiyo mtu anaweza kuweka upya nyingine zote, kisha benki, kisha sacco. Zilizobaki nazibadilisha tano kila Jumapili.

Programu yenyewe, nikisema kweli, inafanya kazi vizuri tangu hapo. Nyota tatu basi. Ya nne nilikuwa karibu kuitoa, lakini ameila yule aliyeniambia nimesahau.