Uzoefu wangu na dizaina wa vifungashio: barua niliyomwandikia kabla hajachora chochote

Ninauza viungo Magomeni, Dar es Salaam, na pilau masala nasaga mwenyewe. Kwa muda mrefu nilikuwa nafunga kwenye vifuko vinavyoonyesha ndani, na stika ndogo mbele. Shida ya kifuko kile ni kwamba unga wa viungo unang'ang'ania plastiki kwa ndani, kwa hiyo baada ya kushikwashikwa kinaonekana kichafu, na mwanga wa dukani unapausha rangi ya masala. Nikaamua kuhamia mifuko ya kusimama yenye zipu, isiyopitisha mwanga. Ila mteja asipoona masala yenyewe, picha ya mbele ndiyo inayobaki kumweleza kilichomo. Hapo ndipo nikamtafuta dizaina.

Huyu kaka nilielekezwa na mwenzangu anayeuza asali. Anafanyia kazi nyumbani, anachukua nusu ya malipo mwanzoni na nusu akimaliza, na kwa bei hiyo unaruhusiwa marekebisho mara mbili tu. Hayo mawili ndiyo yaliyonikalisha niandike barua badala ya kumrundikia sauti za WhatsApp. Nilijua nikianza na "nataka kitu cha kuvutia", yote mawili yataishia kwenye kubadilisha mwandiko.

Sehemu kubwa ya barua ilihusu sahani ya pilau. Naiweka hapa kama nilivyoiandika:

"Kaka, habari za kazi. Picha ya mbele iwe sahani moja ya pilau, si bakuli la viungo. Wali uwe wa kahawia, ile rangi inayotoka kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikakolea. Usiwe wa manjano, na punje nyeupe zisichanganyike na za rangi, maana mteja wangu ataona biriani na atauliza kwa nini nimeandika pilau. Nyama ionekane, na kipande kimoja cha kiazi kilichoshika rangi. Pembeni weka kachumbari. Pilau na nyama vyote ni kahawia, kwa hiyo nyanya na giligilani ndivyo vitakavyovuta jicho. Ukitaka viungo vizima pembeni ya sahani, weka vilivyomo tu: bizari nyembamba, iliki ya kijani, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Lile tunda kavu lenye umbo la nyota usiliweke, silitumii. Mdalasini wangu ni ule mwembamba uliojikunja tabaka nyingi kama sigara, si gome nene lenye mkunjo mmoja."

Mtu anaweza kuona hayo ni madogo. Lakini picha za viungo zinazopatikana mtandaoni karibu zote zina ile nyota na yale magome manene, na dizaina asiyepika hawezi kujua. Mama anayenunua pilau masala kila wiki anajua, na akiona nyota kwenye picha atasema hii imetoka kwingine.

Aya iliyofuata ilikuwa ya mfuko wenyewe. Mfuko wa gramu 50 niliochagua una upana wa sentimita 10 na urefu wa 15. Kwenye kompyuta huo ni mstatili mzuri, lakini dukani mambo ni mengine. Juu kuna sehemu inayochomwa na mashine, tundu la kutundikia na zipu, na hapo zinapotea kama sentimita 4. Chini kitako kinajikunja. Ukishajaza, tumbo linatoka na kingo zinarudi nyuma, hivyo anayesimama mbele ya rafu haoni sentimita zote 10. Badala ya kumweleza kwa maneno nilimpelekea mfuko mtupu na mwingine uliojazwa. Ule uliojazwa niliuchora kwa kalamu ya maka: nilisimama hatua tatu kutoka kwenye rafu, nikaangalia panapoonekana, nikaenda kuzungushia mstari. Nikamwandikia: "Sahani nzima na jina vikae ndani ya mstari huu. Nje yake weka rangi tupu."

Rangi ya mfuko sikumpangia, ila nilimwambia napenda kaki. Hapa ndipo alipopata heshima yangu. Alipiga simu: "Dada, kaki nitakufanyia ukitaka, lakini wino wa kuchapia unapitisha mwanga, kwa hiyo kahawia ya karatasi itaonekana chini ya picha. Nyanya itakuwa kama tofali. Ili isitokee inabidi wapige wino mweupe kwanza chini ya picha, na huo unalipiwa. Halafu pilau ya kahawia juu ya mfuko wa kahawia, nani ataiona?" Akapendekeza mfuko mweupe uliochapwa kijani kilichoiva kama jani la mgomba, sahani ikae katikati. Kwenye rafu nilipouzia, majirani zangu wengi ni wekundu na njano, kwa hiyo kijani kilijitenga chenyewe. Nilikubali.

Picha tulipiga kwangu, pilau nimepika mimi. Alikuja asubuhi, akaweka sahani karibu na dirisha mwanga ukitokea ubavuni, na akakataa katakata kutumia flashi kwa sababu inafanya mafuta ya nyama yang'ae kama plastiki. Punje za mbele alizipanga kwa kijiti. Picha nyingine ya viungo vizima nilipiga mwenyewe kwa simu nikamtumia WhatsApp. Akairudisha, akaniambia niitume kama dokumenti, kwa kuwa ikitumwa kawaida inabanwa, na akishakata kipande anachokihitaji ubora hautoshi kuchapwa. Uchapaji unataka pikseli 300 kwa inchi, yaani picha ya upana wa sentimita 10 iwe na pikseli kama 1,180 baada ya kukatwa. Sikuwa nalijua hilo.

Rasimu ya kwanza ilikuwa karibu sana na barua. Marekebisho yangu yalikuwa mawili tu: jina lilikuwa kwenye mwandiko wa mikunjo ambao kwa mbali haukusomeka, na barkodi ilikaa kwenye mkunjo wa kitako. Barkodi ikipinda, mashine za supamaketi zinaweza kukataa kuisoma. Aliihamishia mgongoni palipo bapa, mistari nyeusi juu ya nyeupe.

Sasa malalamiko. Faili la mwisho alilotuma lilikuwa RGB, rangi za skrini, na kwenye simu giligilani iling'aa kweli. Kwa bahati mtu wa kiwanda cha uchapaji alikubali kutoa nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa mzigo, na kijani kilitoka kimefifia, cha jani lililonyauka. Dizaina alilibadilisha kuwa CMYK, rangi za wino wa kuchapia, na kuirekebisha rangi bila malipo ya ziada, lakini ilibidi nimkumbushe, na alichelewa. Kazi ya kifungashio ingefaa ianzie CMYK tangu mwanzo, na hilo nimeliongeza kwenye barua ya kazi ijayo. Pia hakunipa faili la kuhariri mpaka nilipolidai. Alinitumia PDF peke yake. Hilo nalo liandikeni mapema kwenye barua, kwamba mnalitaka kabla ya nusu ya pili ya malipo.

Kwa ubunifu na kusikiliza nampa nyota 5, kwa kukabidhi faili 3. Mfuko wa biriani masala nimempa yeye pia, na safari hii wali wa manjano unaruhusiwa.