Kuchomoa namba za cheti cha malipo kwa From PDF ya Excel: inakofaa na inakokwama

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Leo niko ofisini hapa Ubungo, na ninazungumza na wahasibu wa makandarasi. Nataka tuitazame kwa makini sehemu moja ya Excel inayoitwa `From PDF`, kwa kazi moja tu: kutoa kwenye cheti cha malipo thamani ya kazi iliyoidhinishwa, pesa ya zuio, yaani ile ritensheni, na tarehe ya kulipwa.

Ninayotumia ni Excel ya Microsoft 365 kwenye Windows. Unaingia `Data`, kisha `Get Data`, `From File`, halafu `From PDF`. Unachagua cheti chako. Linafunguka dirisha la `Navigator`, na upande wa kushoto utaona majina kama `Table001` na `Page001`. Bofya `Table001`. Mnaona? Mistari ya cheti imekaa kwenye safu zake, maneno kushoto na namba kulia. Bonyeza `Transform Data` uisafishe kabla ya kuipeleka kwenye karatasi.

Sasa tulieni hapa, maana kosa kubwa haliko kwenye Excel, liko kwenye namba unayoichukua. Hiki ni cheti namba 5 cha mradi wa mfano, mkataba wa shilingi 1,200,000,000. Mstari wa kwanza umeandikwa `Gross value of work done to date`, na namba yake ni 655,000,000. Mhasibu mgeni anaichukua hiyo na kuiingiza kama mapato ya mwezi. Hapana jamani! Hiyo ni thamani ya kazi yote tangu mradi uanze. Cheti namba 4 kilisimama kwenye 540,000,000, kwa hiyo kazi ya cheti hiki ni tofauti yake, 115,000,000.

Ritensheni nayo ni hivyohivyo. Mkataba huu unakata asilimia 10 ya kazi, lakini una ukomo: jumla ya zuio isizidi asilimia 5 ya bei ya mkataba, yaani 60,000,000. Kwenye cheti namba 4 zuio lilikuwa limefika 54,000,000. Kwenye cheti namba 5, asilimia 10 ya 655,000,000 ni 65,500,000, ambayo imeuvuka ukomo. Kwa hiyo jumla inasimama 60,000,000, na kinachokatwa safari hii ni 6,000,000 tu. Ndiyo maana huwa siiamini namba iliyochomolewa mpaka niweke pembeni yake safu ya kuihakiki. B2 ni kazi yote mpaka sasa:

```
=MIN(B2*10%, 1200000000*5%)
```

Jibu likitofautiana na lililochapwa kwenye cheti, kuna mambo mawili: ama Excel imesoma mstari mwingine, ama aliyeandaa cheti amesahau ukomo. Hilo la pili ni pesa yenu. Hapa angekata asilimia 10 bila kuangalia, mngekatwa 11,500,000 badala ya 6,000,000. Hizo 5,500,000 zingekaa kwa mteja mpaka mtu azione.

Kisha funga hesabu. Toa zuio la 60,000,000 kwenye 655,000,000, unabaki na 595,000,000. Ondoa yaliyoidhinishwa kwenye vyeti vilivyotangulia, 486,000,000. Unapata 109,000,000 kabla ya VAT. Rudi kwa njia nyingine: kazi ya cheti hiki 115,000,000, toa zuio lake 6,000,000, ni 109,000,000. Njia zote mbili zimekutana, namba zimesomwa sawa. Mradi wenye malipo ya awali utakuwa na mstari mmoja zaidi wa makato, lakini hesabu inafungwa vilevile.

Huo mstari wa ziada ndio unaoisumbua From PDF. Ukiiambia ichukue mstari wa nne, mwezi ambao mshauri ameongeza mstari wa vifaa vilivyoko saiti, wa nne unakuwa kitu kingine, na Excel haitakuambia chochote. Chuja kwa neno, siyo kwa nafasi: kwenye safu ya maelezo chagua `Text Filters`, kisha `Contains`, uandike `Retention`.

Tarehe ndiyo imenitesa zaidi. Cheti hiki kina tarehe mbili: maombi ya malipo yalipokelewa na Mhandisi 05/03/2025, na cheti kimesainiwa 28/03/2025. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kimarekani inasoma ya kwanza kama tarehe 3 Mei, kimyakimya. Ya pili inatoa `Error`, kwa sababu hakuna mwezi wa 28. Ukiona `Error` kwenye tarehe moja, usiifute ukaendelea, zikague zote. Dawa yake ni kubofya kulia kwenye safu, `Change Type`, `Using Locale`, uchague `Date` na `English (United Kingdom)`.

Sasa, tarehe ipi inahesabiwa? Mradi huu unafuata masharti ya FIDIC, kitabu chekundu cha 1999. Kifungu 14.7 kinasema mteja alipe ndani ya siku 56 tangu Mhandisi apokee maombi na viambatanisho vyake. Tangu apokee maombi, siyo tangu asaini cheti. Kutoka 5 Machi, siku 56 zinaangukia 30 Aprili 2025. Ukihesabu kutoka kwenye saini unapata 23 Mei, yaani umempa mteja siku 23 za bure, na gharama za ucheleweshaji za kifungu 14.8 umezianza kuchelewa. Ila fungua mkataba wenu wenyewe kwanza, maana masharti maalumu huweza kubadilisha hizo siku, na mikataba mingine huhesabu kutoka tarehe ya cheti.

Nije kwenye udhaifu mkubwa. From PDF inasoma maandishi, haisomi picha. Vyeti vingi tunavyopokea hapa Dar vimechapwa, vikasainiwa, vikagongwa muhuri, vikaskaniwa. Hicho ni picha tu. Jaribu kuburuta kipanya juu ya namba moja. Isipokubali kuchaguliwa, Excel nayo haitaipata. Mimi humwomba mkadiriaji majenzi faili lake la kabla ya saini, nachomoa humo, kisha nalinganisha namba kwa namba na nakala iliyosainiwa. Msiruke hatua hiyo. Niliwahi kuingiza namba za faili safi, kumbe kwenye nakala ya saini mtu alishakata mstari kwa kalamu na kuandika kiasi kidogo zaidi. Ankara ikarudishwa, tukapoteza wiki mbili tukingoja.

Kwa mkandarasi mwenye mradi mmoja na cheti kimoja kwa mwezi, kusema kweli, andika kwa mkono. Utamaliza haraka kuliko kutengeneza huu utaratibu. Mwenye miradi minne au mitano ndiye ninayemshauri aitumie, tena aanze na `From Folder` ili vyeti vya kila mradi vikae folda moja.

Na ongezeni safu moja ambayo Excel haitaijaza: tarehe ya kupokelewa maombi. Vyeti vingi haviichapi kabisa. Iko kwenye nakala yenu ya barua yenye muhuri wa masjala ya mshauri, au kwenye daftari la kupelekea barua ambalo dereva wenu alisainiwa. Ifuateni huko, muiandike kwa mkono siku hiyohiyo barua inaporudi.