Kompyuta na simu za kununua kwa kazi ya steshenari Mwanza: ipi inanasa sehemu moja tu ya skrini?

Katika steshenari za Mwanza, kuanzia za Makoroboi na Barabara ya Nyerere mpaka zile ndogo za Buzuruga na Nyegezi, mhudumu hupitisha siku nzima akiwajazia watu fomu za mtandaoni na kuwatumia picha ya kile ambacho mfumo umetoa. Mteja aliyeko Nansio au Sengerema anasubiri namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12, na mhudumu anampelekea kwa WhatsApp. Kwa bahati mbaya picha inayotumwa mara nyingi ni ya skrini nzima, na pembeni ya ile namba huonekana majina ya mafaili ya wateja wengine, barua pepe iliyoachwa wazi, au namba ya NIDA ya mtu aliyehudumiwa asubuhi. Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuwa ikitumika Tanzania, kwa hiyo jambo hili si la adabu peke yake.

Kwa sababu hiyo nimevipanga vifaa vinavyonunuliwa kwa kazi hii kwa kigezo kimoja kikuu: je, kifaa kinaweza kunasa sehemu iliyochaguliwa tangu mwanzo, kwa picha na kwa video, bila kuongezewa programu? Bei na urahisi wa kupata fundi nimevipa nafasi ya pili.

Huenda mtu akauliza kuna ubaya gani kupiga picha ya skrini nzima na kuikata baadaye. Upo, na uliwahi kuonekana wazi. Mwezi Machi 2023 iligundulika kwamba programu ya kuhariri picha kwenye simu za Pixel, pamoja na Snipping Tool ya Windows 11, zilikuwa na kasoro ya aina moja: mtu alipoikata picha na kuihifadhi juu ya faili lile lile, data ya picha ya zamani haikufutwa yote, ikabaki mwishoni mwa faili, na mjuzi aliweza kurudisha sehemu ya kile kilichokatwa. Kasoro hizo zilirekebishwa mwezi huo huo, lakini picha zilizokwisha kutumwa zilibaki kama zilivyo. Picha iliyonaswa kwa kuchagua eneo haina hatari hiyo, kwa kuwa kilichoko nje ya eneo hakikuingia kwenye faili hata kidogo.

Nafasi ya kwanza: kompyuta mpakato iliyotumika yenye Windows 11

Hii ndiyo ninayompendekezea mhudumu wa steshenari, kwa sababu inafanya kazi zote mbili na mafundi wake wako kila kona ya mji. Ukibonyeza `Windows + Shift + S`, skrini inafifia na mshale unageuka msalaba; unaburuta kutoka pembe moja ya eneo unalolitaka mpaka pembe ya pili, unaachia, na picha imepatikana. Tuchukue ile namba ya malipo: ukurasa umefunguka, unaburuta kuanzia juu ya jina la huduma mpaka chini ya kiasi cha kulipa, unakwenda kwenye mazungumzo ya mteja katika WhatsApp ya kwenye kompyuta, unabonyeza `Ctrl + V` na kutuma. Hakuna faili la kutafuta wala la kukata. Hakikisha tu kwamba jina la huduma na kiasi vimo ndani ya eneo, kwa sababu mteja aliyetumiwa tarakimu peke yake hana namna ya kujua analipia nini.

Windows 11 pia huhifadhi nakala ya kila picha katika kabrasha la Screenshots ndani ya Pictures. Ni msaada pale mteja anapoomba atumiwe tena, lakini kwenye kompyuta inayotumiwa na wahudumu watatu kabrasha hilo linageuka ghala la taarifa za watu, hivyo lisafishwe kila jioni, au uhifadhi huo uzimwe katika mipangilio ya Snipping Tool.

Kwa video, bonyeza `Windows + Shift + R`, chora mstatili, sogeza kingo zake mpaka zikae sawa, kisha bofya Start. Video ya MP4 hutoka, na WhatsApp huipokea bila shida. Hii inafaa sana unapotaka kumwonyesha mteja jinsi ya kuingia kwenye akaunti yake yeye mwenyewe. Kuna jambo moja la kuzingatia: mstatili haufuati dirisha, umesimama palepale ulipochorwa. Ukisogeza dirisha, au taarifa ya ujumbe mpya ikichomoza ndani ya eneo hilo, nayo inarekodiwa. Zima taarifa kwanza, na usichore eneo lako kwenye pembe ya chini kulia, kwa kuwa huko ndiko zinakochomozea.

Dukani, usiridhike na kibandiko. Fungua Run kwa `Windows + R`, kisha andika:

```
winver
```

Toleo litaonekana. Baada ya hapo soma jina la prosesa. Windows 11 inahitaji, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane na kuendelea isipokuwa chache sana, na kizazi kinasomeka katika namba inayofuata baada ya kistari: i5-8250U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi, lakini i5-6300U ni cha sita. Wapo wauzaji wanaolazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya kizazi cha sita. Inawaka, na njia zote nilizoeleza zinafanya kazi, ila Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine kama hiyo, na bei yake inapaswa kushuka kwa kiasi hicho. Halafu mwombe muuzaji akuachie dakika moja: "Kaka, naomba niijaribu kibodi." Bonyeza njia zote mbili. Mashine nyingi zilizotumika hutoka Ulaya, na ukikuta kitufe kimeandikwa Druck, hiyo ni kibodi ya Kijerumani na hicho ndicho PrtSc; herufi S na R ziko mahali pake pa kawaida, kwa hiyo usiikatae kwa sababu hiyo tu.

Yenye Windows 10 niiweke hapa hapa kwa kifupi. Inanasa eneo kwa picha kwa vitufe vile vile, lakini kirekodi chake cha ndani, kinachoanzishwa kwa `Windows + Alt + R`, hurekodi dirisha zima la programu moja, si eneo unalolichagua. Zaidi ya hayo, muda wake wa kawaida wa kupata masasisho ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Inunue ikiwa tu prosesa inaruhusu kupandishwa kwenda Windows 11.

Nafasi ya pili: MacBook

Kwa kunasa peke yake, ningeiweka ya kwanza. `Command + Shift + 4` hunasa eneo, na kabla hujaachia kidole unaweza kushikilia kitufe cha nafasi ukahamisha eneo lote bila kulichora upya. Ukiongeza `Control` kwenye vitufe hivyo, picha haihifadhiwi kama faili bali inasubiri kubandikwa, na kwa taarifa za wateja huo ndio utaratibu mzuri kabisa. `Command + Shift + 5`, iliyokuja na macOS Mojave mwaka 2018, hufungua ubao wenye chaguo zote, pamoja na kurekodi sehemu iliyochaguliwa. Iliyoishusha hapa ni bei, na ukweli kwamba skrini yake ikipasuka ukarabati ni ghali kuliko wa mashine nyingi za kawaida. Usinunue isiyofika Mojave.

Nafasi ya tatu: mashine ya zamani iliyowekewa Ubuntu

Kwa mwenye kompyuta ya kizazi cha nne au cha sita ambaye hana fedha ya kununua nyingine, hili ni suluhisho ambalo halipewi heshima linayostahili. Kuanzia Ubuntu 22.04, kitufe cha `PrtSc` hufungua ubao wa kuchagua eneo, dirisha au skrini nzima, na kitufe cha alama ya kamera ya video kilichomo humo hurekodi eneo hilo hilo. Upungufu wake ni wa wazi: kirekodi hicho hakichukui sauti, na kwa kawaida video hutoka katika muundo wa WebM, ambao mara nyingi hulazimu kugeuzwa kuwa MP4 kabla ya kumtumia mteja. Anayetuma picha tu hatauhisi upungufu huo.

Nafasi ya nne: Chromebook

`Ctrl + Shift` pamoja na kitufe cha kuonyesha madirisha, kile kilichokaa mahali pa F5, hunasa eneo, na tangu mwaka 2021 ubao wake hurekodi pia eneo kwa video, nayo kwa kawaida ikiwa WebM. Kila Chromebook ina tarehe ambayo masasisho yake hukoma, na nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini zimeikaribia au zimeipita. Tarehe hiyo inasomeka ndani ya mipangilio, kwenye sehemu ya About ChromeOS. Isome kabla ya kuanza kujadiliana bei.

Nafasi ya tano: simu peke yake

Simu naiweka mwisho kwa sababu virekodi vingi vya ndani ya simu havimpi mtu nafasi ya kuchora eneo la kurekodi. Android kuanzia toleo la 11 ina kirekodi cha ndani, na iPhone inacho tangu iOS 11, lakini kwa kawaida hurekodi skrini nzima. Simu za Android za karibuni zinaweza kurekodi programu moja tu, na hilo angalau huzuia taarifa za programu nyingine zisiingie. Kabla ya kurekodi, washa hali ya kutosumbuliwa.

Kwa picha, simu nyingi hukulazimisha upige skrini nzima kwa kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti, au kwenye iPhone isiyo na kitufe cha mbele, cha ubavuni na cha kuongeza sauti, kisha ukate. Samsung nyingi zenye paneli ya pembeni ndizo zinazostahili kutafutwa: ndani ya paneli hiyo mna Smart select, inayochora mstatili na kunasa eneo hilo tu. Baadhi ya Xiaomi hufanya hivyo kwa kushikilia vidole vitatu juu ya skrini. Omba kuijaribu simu yenyewe dukani, kwa kuwa simu mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Na ukijaribu kwenye programu ya benki ukapata picha nyeusi au ujumbe wa kukataa, simu haina ubovu. Programu hiyo imezuia kunaswa kwa makusudi, na hakuna simu ya bei yoyote itakayoondoa zuio hilo.