TAHADHARI: Muuza mahindi anayepima lundo kwa mgongo

Nimeona aibu wiki nzima kuandika hili, ila jana nimesikia kapata mteja mwingine. Liwalo na liwe.

Nilikuwa na haraka. Nilikuta lundo la mahindi yaliyopukuchuliwa, makavu, yamemwagwa sakafuni duara safi, kilele katikati. Mizani eti imeharibika. "Tupige hesabu, hesabu haina ndugu." Akanishikisha mwanzo wa futi kamba, akazunguka lundo chini: mita 12.6. Kisha akaniambia nibane ncha ileile ukingoni, pale mahindi yanapogusa sakafu, akaivuta juu ya mahindi mpaka kileleni. "Kimo 2.2, andika." Nikaandika, kwa mkono wangu mwenyewe!

Mzingo mara mzingo, mara kimo, gawa kwa 37.7. Simu yangu ikatoa mita za ujazo 9.26. Kwa kilo 720 kila moja, ni gunia 66 za kilo mia. Nikalipa. Tulipojaza, 27 zilijaa, la 28 likaishia robo.

Msinicheke. Kanuni yenyewe ni sahihi, ndiyo iliyonilaza: 37.7 ni 12 mara pai, na hata hizo kilo 720 ni za kawaida kwa mahindi makavu. Uongo ulikuwa kwenye kimo tu. Alichopima ni mgongo wa lundo, wakati kimo ni wima, kutoka kileleni kushuka moja kwa moja hadi sakafuni. Nina picha nimesimama nyuma ya lundo lile, kilele kimefika kwenye mkanda wangu. Mita 2.2 ingenipita kichwa! Kimo chake kilikuwa sentimita 90. Rudia hesabu kwa 0.9 upate 3.79, yaani zile gunia 27 na kidogo.

Mtu kama huyu afungiwe biashara, arudishe hela mbele za watu, na ile futi kamba avishwe shingoni azungushwe nayo sokoni. Na yule kijana wake aliyekuwa anaitikia "sawa bosi" naye asiachwe.

Ah, jinsi ya kumshtukia. Chomeka fimbo nyembamba wima kileleni mpaka igonge sakafu, weka alama, pima fimbo. Huna fimbo? Gawa mzingo kwa 6.28 upate nusu kipenyo, yangu ilikuwa mita 2. Mahindi makavu huporomoka, hayasimami kama mchanga mbichi, kwa hiyo kimo kwa kawaida hakifiki nusu ya hapo. Ukitajiwa kimo kinachozidi nusu kipenyo chenyewe, kamba imelazwa mgongoni.

Nilimpigia kudai. Akaniuliza, "Hiyo 2.2 ni mwandiko wa nani?"