TAHADHARI LUBUMBASHI: Batri ya "100Ah" yenye kilo 11!

Ndugu zangu, nimeibiwa dola 135 na bado mikono inatetemeka. Nilitaka tu watoto wasome usiku umeme ukikatika.

Yule muuzaji alinipigia kwa video. Nyuma yake batri zimepangwa hadi darini, ananiita "mama yangu", anaongea Kiswahili cha hapa hapa Katuba. Ningekataaje? Nililipa palepale. Siku mbili baadaye kijana wa pikipiki akafika, akaishusha batri kwa MKONO MMOJA. Niliona kwa macho yangu, na bado nikamwambia asante! Hicho ndicho kinachoniuma.

Usiku ule televisheni na taa mbili zilidumu saa moja na nusu, giza. Nikaenda kwa muuza unga, tukaiweka kwenye mizani: kilo 11.4. Fundi akaniambia batri ya jeli ya 12V 100Ah huwa karibu kilo 28, maana risasi ndiyo uzito wake.

Kwa hasira nilimtukana muuzaji kwenye simu, akaizuia namba yangu. Hapo nilikosea, maana alianza kufuta jumbe zake. Bahati dada yangu alikuwa amezipiga picha. Fundi akanikataza kuifungua batri, muuzaji atasema nimeiharibu mimi. Ndipo nikamwandikia kwa namba ya dada:

"Bwana, tarehe 4 Novemba niliagiza kwako batri moja ya jeli, 12V 100Ah. Nililipa dola 130, na 5 za usafiri. Namba ya muamala iko kwenye SMS ninayokutumia. Tarehe 6 nilipokea batri ya kilo 11.4. Nakutumia tangazo lako, picha ya stika, na video ya mizani inayoonyesha batri yote bila kukatwa. Sitaki kubadilishiwa, nataka dola 135 zirudi kwenye namba ileile iliyolipa, kabla ya Ijumaa tarehe 14 Novemba, saa sita za mchana. Batri iko kwangu, haijafunguliwa, utaichukua pesa zikifika. Saa hiyo ikipita, nitapeleka haya yote polisi kama malalamiko ya utapeli, kifungu cha 98 cha sheria ya jinai."

Amesoma. Amejibu "subiri mama". Sisubiri! Mtu wa hivi afungwe, na batri zake zote zipimwe mbele ya watu, stika moja moja!

Nyinyi mnaotaka kununua: jina lililotokea nilipolipa halikuwa lile la duka, nikalipita tu. Na alikataa nilipe mzigo ukifika. Pimeni kilo kabla kijana wa pikipiki hajaondoka.

Ijumaa saa sita na dakika moja niko polisi. Aliyeuziwa na huyu aniandikie, twende pamoja.