Freeplane na plani ya TFC yangu: uzoefu wangu

Mi niko Goma, niko naandika TFC, ile kazi ya kumaliza masomo, juu ya volkano Nyiragongo, na direkteri alitaka plani yangu nimuletee kama ramani ya mawazo, si ile orodha ndefu ya 1.1.1. Nikachukua Freeplane, programu ya kompyuta ya kuchora ramani kama hizo, ni ya bure na inatumika bila konekshoni, kwa sisi wa huku hiyo pekee inatosha kuipenda.

Kitu kizuri: hauchori tawi moja moja. Unachagua nodi ya katikati, unabandika maandishi, yenyewe inaangalia kila mstari umesogezwa kiasi gani kuingia ndani. Mstari ulioingia zaidi kuliko wa juu yake unakuwa mtoto wake, wenye kulingana naye ni ndugu yake. Lakini namba haizisomi kabisa, 1.1.2 kwake ni maneno tu. Kwa hiyo nilizigeuza kwanza kuwa Tab ndani ya Notepad++: nukta moja Tab moja, nukta mbili Tab mbili. Unaweka hali ya Regular expression, unatafuta `^\d+\.\d+\.\d+\s+` unabadilisha na `\t\t`, kisha `^\d+\.\d+\s+` na `\t`, mwisho `^\d+\s+` unabadilisha na kitu tupu.

Sasa yaliyonipata. Plani niliikopi kutoka PDF:

```
1 Nyiragongo
1.1 Milipuko
1.1.1 Mwaka 1977
1.1.2 Mwaka 2002, lava ilipita mjini
hadi Ziwa Kivu
1.1.3 Mwaka 2021
1.2 Gesi ya ziwa
```

Unaona huo mstari wa tano? PDF iliukata tu juu ya upana wa ukurasa, hauna namba, basi haukupata Tab hata moja, na asiye na Tab ni sura nzima! "hadi Ziwa Kivu" ikasimama sawa na Nyiragongo, tena ikamuibia watoto: 2021 ikaenda kwake, gesi ya ziwa nayo ikaenda kwake, mpaka sura ya pili ilipoanza ndipo mambo yakarudi sawa. Na hakuna ujumbe wowote wa kosa, ramani inatoka imependeza kabisa, mi nikaituma hivyo, direkteri akaniuliza "hadi Ziwa Kivu ni sura gani hii?" aibu gani ndugu zangu.

Tangu hapo mbele ya kugusa namba natafuta mistari yote isiyoanza na tarakimu, `^[^\d\r\n]`, kila moja naiunganisha na ile ya juu yake kwa mkono. Kisha nikishabandika nahesabu matawi ya kwanza: sura zangu ni tatu, nikiona manne, kuko mstari uliokatika. Ila angalia, mstari uliokatika ukianza na mwaka, kama "2002 lava...", huo utafutaji hauuoni, na tena ile hatua ya mwisho inaufuta mwaka wenyewe, kwa hiyo siku hizi hatua hiyo naiacha, namba za sura nazifuta kwa mkono, ni tatu tu.

Ramani yenyewe haina mapambo mengi, rangi nilipanga mwenyewe, lakini plani ya mistari 60 inaingia kwa kubandika mara moja tu.