Uzoefu wangu wa kuondoa mandharinyuma ya picha 412 kwa rembg na kuzihifadhi kama PNG

Mwezi uliopita nilikabidhiwa kazi ya kuandaa picha za katalogi ya bidhaa za mkono: vikapu vya ukili 230, mikeka 70 na kofia za viua 112. Mteja alitaka kila bidhaa ikae peke yake katika faili la PNG lisilo na kitu chochote nyuma yake, ili mchapaji aweze kuiweka juu ya rangi yoyote. Picha zote zilikuwa zimepigwa kwa simu, nyingine ukutani, nyingine juu ya shuka jeupe lililotandikwa mezani.

Kwanza nilijaribu huduma moja ya mtandaoni inayotoza kwa kila picha. Matokeo ya picha moja moja yalikuwa mazuri, lakini picha zangu zilikuwa na uzito wa megabaiti nne kila moja, na kuzipandisha zote kulimaanisha zaidi ya gigabaiti moja na nusu ya bando kabla hata sijaanza kupakua majibu. Upandishaji ulipokatika katikati, picha zilizokwama zilihesabiwa kana kwamba zimefanyiwa kazi. Hapo ndipo nilipohamia rembg, programu huria iliyoandikwa na Daniel Gatis, ambayo hufanya kazi yote ndani ya kompyuta yako bila kutuma picha popote.

Kuisakinisha kunahitaji Python, kisha amri moja tu:

```
pip install "rembg[cpu,cli]"
```

Mara ya kwanza unapoitumia hupakua modeli na kuihifadhi katika folda ya `.u2net`, na baada ya hapo unaweza kuzima intaneti kabisa. Modeli niliyoichagua, `isnet-general-use`, ina uzito wa zaidi kidogo ya megabaiti 170. Niliichagua kwa sababu moja ya msingi. Modeli hizi hazichambui picha kwa ukubwa wake halisi. Huipunguza kwanza, zikachora ramani ya kijivu inayoonyesha kipi kibaki na kipi kifutwe, halafu ramani hiyo hukuzwa tena hadi ukubwa wa picha. Modeli ya kawaida ya `u2net` hupunguza picha hadi pikseli 320 kwa 320, ilhali `isnet-general-use` huipunguza hadi 1024 kwa 1024. Kwa kikapu chenye mikono myembamba ya kamba, tofauti hiyo unaiona kwa macho: ya kwanza huacha mkono ukiwa umevimba na kulainika kama nta, ya pili hufuata kamba yenyewe.

Kabla ya kuondoa chochote, niliziweka picha sawa kwa ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri. Simu huhifadhi picha ya wima ikiwa imelala na kuandika pembeni maelezo kwamba igeuzwe, na maelezo hayo yakipotea njiani utapata kikapu kilicholala ubavu. Kwa hiyo nilizigeuza kabisa, nikapunguza upande mrefu hadi pikseli 1600, ukubwa ambao mchapaji alisema unamtosha, kisha nikaiachia rembg folda nzima:

```
magick mogrify -path tayari -auto-orient -resize "1600x1600>" -quality 95 asili/*.jpg
rembg p -m isnet-general-use tayari png
```

Folda ya `tayari` ni lazima uiunde mwenyewe kwanza. Kompyuta yangu mpakato ina kumbukumbu ya gigabaiti nane na haina kadi ya michoro ya maana, na hata hivyo picha zote 412 zilimalizika kwa karibu nusu saa.

Nusu saa hiyo, hata hivyo, haikuwa kazi yenyewe. Kazi yenyewe ni kujua zipi zimeharibika, kwa sababu programu haikuambii. Hutoa faili 412 zenye sura moja, na huwezi kufungua moja moja hadi mwisho bila macho kuchoka na kuanza kupitisha makosa. Nilichofanya ni kumwachia hesabu achuje kwanza. PNG hubeba kwa kila pikseli thamani ya uwazi, na wastani wa thamani hizo hukueleza ni sehemu gani ya picha iliyobaki: sifuri maana yake kila kitu kimefutwa, moja maana yake hakuna kilichofutwa.

```
for f in png/*.png; do
  magick "$f" -alpha extract -format "%f %[fx:mean]\n" info:
done | sort -k2 -n
```

Niliendesha amri hii kwa kila aina ya bidhaa katika folda yake, na ushauri wangu ni kutochanganya, kwa kuwa kofia zilizopigwa kwa umbali mmoja zote hukaa karibu na thamani moja. Kofia zangu zilikuwa kati ya 0.25 na 0.4. Juu kabisa ya orodha zilisimama kofia tisa zenye thamani chini ya 0.03, na nilipozifungua nilikuta kilichobaki ni kivuli cha ukingo mmoja na mabaka machache ya uzi. Zote tisa zilikuwa kofia nyeupe zilizoshonwa kwa uzi mweupe, juu ya shuka jeupe. Modeli haikuwa na pa kushika, na sidhani kama ni haki kuilaumu, kwa sababu hata mimi nilipoitazama picha ya asili nilihitaji kutafuta mahali kofia inapoishia.

Kofia hizo ilibidi zipigwe upya, na hapa nilijifunza jambo ambalo ningependa kulijua mapema. Mara ya kwanza tuliziweka juu ya kitambaa cha buluu iliyoiva. Zilikatwa vizuri, hakuna uzi uliopotea, lakini nilipoziweka juu ya ukurasa mweupe kila kofia ilikuwa imezungukwa na utepe mwembamba wa ubuluu. Pikseli za ukingoni huwa ni mchanganyiko wa rangi ya kofia na rangi ya kitambaa, na kuongeza uwazi wake hakuondoi rangi iliyokwisha kuingia. Mara ya pili tulitumia kitambaa cha kijivu cha wastani kisichong'aa. Kilikuwa na tofauti ya kutosha na uzi mweupe ili modeli ione ukingo, na kijivu kilichobaki pembeni kilisomeka kama kivuli cha kawaida cha kushonwa kwake. Kofia zote tisa zilipita.

Vikapu vilikuwa na tatizo jingine ambalo hesabu haikuweza kulinasa, kwa kuwa ni dogo mno kubadilisha wastani. Kati ya mkono wa kikapu na mdomo wake kuna nafasi, na katika vikapu 38 nafasi hiyo ilibaki na ukuta ndani yake. Katika PNG juu ya ukurasa mweupe, ukuta wa rangi ya maziwa hauonekani kabisa. Utauona siku katalogi itakapochapwa juu ya kijani. Kwa hiyo niliunda folda ya `ukaguzi`, nikazilaza picha zote juu ya rangi kali ya zambarau-waridi ambayo haipo katika kikapu chochote, kisha nikazipanga ishirini ishirini katika karatasi moja:

```
magick mogrify -path ukaguzi -format jpg -background magenta -alpha remove png/*.png
magick montage ukaguzi/*.jpg -tile 5x4 -geometry 300x300+4+4 karatasi.jpg
```

Juu ya rangi hiyo kosa halijifichi. Ukuta uliobaki ndani ya mkono unatokeza kama dirisha, na kivuli cha chini ya kikapu, ambacho modeli mara nyingine hukiacha nusu, kinaonekana kama doa chafu la zambarau iliyoungua. Karatasi 21 nilizipitia kwa chini ya saa moja, nikiandika majina ya faili kwenye daftari.

Nilipochunguza picha za asili za vikapu hivyo 38, karibu vyote vilikuwa vimeegemezwa ukutani, hivyo kivuli cha mkono kilianguka ndani ya ile nafasi na kuifanya ifanane na sehemu ya kikapu. Vile vilivyosimamishwa mbali na ukuta havikuwa na tatizo hilo. Sikuwa na njia ya kuvipiga upya kwa kuwa vilikwisha kusafirishwa, hivyo nilivirekebisha kwa GIMP: unachagua eneo la ukuta kwa zana ya kuchagua rangi inayofanana, unalipanua eneo hilo kwa pikseli moja ili usiache uzi wa ukuta ukingoni, kisha unafuta. Ilinichukua dakika mbili hivi kwa kila kikapu.

Vikapu vyenye shada za ukili mdomoni vilihitaji uangalizi wa peke yake. Kwa kawaida nyuzi zake zilitoka zikiwa zimegandamana na kubeba rangi ya ukuta katikati yake. Kwa hivyo vilivyo na shada, takriban sitini, nilivirudia kwa kuongeza `-a`:

```
rembg p -a -m isnet-general-use shada png_shada
```

Chaguo hili halikubali mpaka mkali wa modeli ukingoni. Hukadiria upya kwa kila pikseli ya mpakani ni kiasi gani ni kitu na kiasi gani ni nyuma, na hukadiria pia rangi halisi ya kitu chenyewe. Nyuzi zilitengana, na rangi ya ukuta ikatoweka kwa sehemu kubwa. Gharama yake ni muda na kumbukumbu: kila picha ilichukua mara kadhaa ya muda wa kawaida, na nilipojaribu kwa makosa picha ambazo sikuwa nimezipunguza, kompyuta iliganda. Kwenye mikeka yenye kingo zilizonyooka sikuona faida yoyote, hivyo sikuitumia.

Jambo la mwisho lilihusu kutuma. Kundi la kwanza nililituma kwa WhatsApp kama picha, na mchapaji akaniuliza kwa nini nyuma ya vikapu vyote kumejazwa rangi. WhatsApp hugeuza picha kuwa JPEG, na JPEG haina mahali pa kuhifadhi uwazi. Nilizifunga faili zote katika zip, nikazituma kama hati, na zikafika kama zilivyo.

Kwa mtu mwenye picha mamia na bando la kupima, rembg naipendekeza bila kusita, mradi atenge muda wa ukaguzi unaozidi muda wa programu kufanya kazi. Mimi nilitumia nusu saa kuondoa mandharinyuma na siku moja na nusu kukagua, kurekebisha na kupiga upya kofia, na mchapaji hajarudisha faili hata moja.